Barua ya deni iliyoandikwa kwa Kiswahili ikawaza kwa Kiingereza

Mteja alipiga simu barua akiwa nayo mkononi, akamuuliza dada wa uhasibu: "Dada yangu, hapa mmeandika salio bora. Sasa mnanisifia au mnanidai?"

Hakuwa anatania. Alikuwa ameisoma yote mpaka chini, akaona kuna siku 14, kuna hela, kuna neno kushtakiwa, akaogopa, ila hakuelewa anatakiwa afanye nini na akichelewa kitampata nini. Barua ya kudai isipoeleweka hapo haijadai kitu.

Barua ikaletwa kwangu na maagizo mafupi kutoka kwa bosi: nyoosha Kiswahili, maana usiguse, kwa sababu ile ya Kiingereza ndiyo iliyopitishwa na ipo kwenye faili.

Hayo maneno, maana usiguse, yamenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Maana ipi? Ile ya maneno, au ile aliyokusudia mwenye barua?

Ilivyokuwa

Naiweka hapa, nimeondoa majina na sarafu tu:

*Mpendwa Mteja wa Thamani,*

*Natumaini barua hii inakukuta vizuri. Tafadhali ushauriwe kwamba salio bora la 1,250,000 kwenye akaunti yako limepita wakati. Umeshindwa kufanya malipo licha ya vikumbusho vyetu. Tafadhali tuliza salio hili ndani ya siku 14 za risiti ya barua hii, si baadaye kuliko saa 5:00 jioni ya siku ya mwisho. Kushindwa kufanya hivyo kutapelekea maslahi ya asilimia 2 kwa mwezi kushtakiwa na akaunti yako inaweza kuwekwa juu ya kushikiliwa. Barua hii ni bila ubaguzi kwa haki zetu. Kama mmekwisha lipa, tafadhali ipuuzeni barua hii.*

*Tunaangalia mbele kusikia kutoka kwenu.*

Aliyeitafsiri ni huyohuyo dada wa uhasibu, na siyo mtu asiyejua Kiswahili, anakiongea tangu anazaliwa na kwenye simu na wateja ni hodari kuliko sisi wote. Mpe simu amdai mtu, atamdai vizuri, kwa heshima na kwa msimamo, na hela italetwa. Lakini mpe karatasi ya Kiingereza aiandike kwa Kiswahili, basi anashika neno moja moja kutoka kushoto kwenda kulia, na ule ufundi wake wote wa simuni unabaki pembeni.

Makosa mepesi kwanza

Kuna makosa ambayo ukijua yametoka wapi unayamaliza haraka. Neno la Kiingereza lina maana mbili tatu, mtafsiri kachukua ile iliyotangulia kwenye kamusi. Lile linalomaanisha "lililobaki bila kulipwa" ndilo hilohilo linalomaanisha "bora, la kupigiwa mfano", ndiyo tukapata salio bora. La riba ni lilelile la maslahi. La kutoza ni lilelile la kushtaki, kwa hiyo mteja akasoma "kushtakiwa" akajiona yuko kizimbani. La kumaliza deni ni lilelile la kutuliza, na la kupokea kitu linafanana na la risiti, ndiyo maana kuna "siku 14 za risiti ya barua", wakati barua haina risiti.

Namna ya kuyagundua haya haihitaji hata ujue Kiingereza sana. Unasoma sentensi unajiuliza, hiki kitu kipo? Salio bora lipo? Barua inatoa risiti? Pale ambapo jibu ni hapana, kuna neno limechukua kiti cha mwenzake, unarudi kwenye Kiingereza kuangalia ni lipi. Ukilipata unaweka lile ambalo watu wa biashara wanalo tayari: deni, riba, kutoza, kulipa, kupokea.

Ningeweza kuishia hapo na bosi angeridhika. Barua ingesomeka "deni la 1,250,000 limepita wakati, umeshindwa kulipa" na kadhalika, kila neno sahihi, na bado ingekuwa barua mbaya.

Saa 5 jioni haipo

Kabla sijafika kwenye yaliyonikesha, nisimame kidogo kwenye namba, maana watu wanadhani namba hazitafsiriwi.

Barua ilisema mwisho ni saa 5:00 jioni. Kiswahili kinahesabu saa kuanzia jua linapochomoza na linapozama, saa 5 ni ya asubuhi au ya usiku, jioni haina saa 5. Kwenye Kiingereza walimaanisha muda wa kufunga ofisi, yaani saa 11 jioni. Sasa mteja makini akisoma "saa 5:00 jioni" atafanyaje? Wengine watarekebisha wenyewe kichwani wapate saa 11, wengine watadhani ni saa 5 usiku na kwamba malipo ya simu ya usiku yanakubalika, na akilipa saa 3 usiku halafu mkamtoza riba atakuwa na haki ya kulalamika kwa sababu barua yenu ndiyo iliyomchanganya.

Kwenye barua inayofunga mtu na muda, andika "saa 11 jioni", na kama unaogopa msomaji aliyezoea saa za kwenye kompyuta ongeza 17:00 kwenye mabano, hapo hakuna wa kukosea.

Halafu kiasi. Kwenye Kiingereza kiliandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, ila kwenye Kiswahili maneno yaliachwa kabisa, nilipouliza nikaambiwa alijaribu akapata "milioni moja mia mbili hamsini elfu", akaona haisomeki akafuta. Ni kweli haisomeki, mpangilio wa Kiingereza unaweka elfu mwishoni, sisi tunaitanguliza. Lakini hata ukiitanguliza kuna mtego: "elfu mia mbili na hamsini" mmoja ataisoma 250,000 na mwenzake ataisoma 200,050, na wote wawili wana hoja. Ndiyo maana sokoni watu wanasema laki. "Milioni moja, laki mbili na elfu hamsini", huwezi kuisoma namna mbili. Kuna watu wanaona laki ni neno la mtaani lisiloingia barua ya ofisi, mimi naona kwenye barua ya hela neno lisilo na utata ndilo lenye adabu.

Umeshindwa

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pote.

"Umeshindwa kufanya malipo licha ya vikumbusho vyetu." Kwa sarufi haina kosa. Hakuna neno lililokaa kiti cha mwenzake. Bosi alipoisoma akasema hiyo iko sawa, pita.

Mimi sikuweza kupita.

Kwenye Kiingereza cha barua za biashara, hilo neno la kushindwa limeshachakaa, linamaanisha tu kwamba kitu hakijafanyika. Halimwambii mtu kwamba hana uwezo. Lakini Kiswahili ukimwambia mtu mzima umeshindwa kulipa, umemwambia amezidiwa, biashara imemshinda, hana. Umehukumu hali yake, na hujui hali yake. Huenda hela anayo ila kuna mzigo ulifika pungufu na anasubiri mkae mwongee. Huenda kalipa na benki yenu haijaonyesha. Huenda kasahau kweli.

Na barua ya kwanza ya kudai haiendi kwa mtu mnayetaka kuachana naye, inaenda kwa mtu mnayetaka alipe halafu aendelee kununua.

Sasa angalia Kiswahili chenyewe kinatupa nini. Kuna ile -ja-. "Hatujapokea malipo." Ndani yake kuna "mpaka sasa", na kuna mlango haujafungwa, kwamba bado tunayategemea. Tena unaposema sisi hatujapokea, unaongea kitu unachokijua kwa hakika, kilichopo kwenye vitabu vyako. Ukisema yeye hajalipa unaongea kitu cha upande wake ambacho hukioni. Ukisema kashindwa, hapo umetoka kwenye vitabu kabisa umeingia nyumbani kwake.

Nikaweka hizo tatu kwenye karatasi, moja chini ya nyingine:

*Umeshindwa kulipa.*

*Hujalipa.*

*Hatujapokea malipo yako.*

Nikampelekea dada wa uhasibu nikamuuliza, ukiwa kwenye simu unatumia ipi? Hakufikiri hata kidogo. "Ya tatu. Ya kwanza nikimwambia mtu anakata simu."

Kumbe alikuwa anajua, ila karatasi ya Kiingereza ilimwambia kitu kingine, naye akaiamini karatasi.

Na hapa ndipo lile agizo la maana usiguse lilipoanza kunisumbua sawasawa. Kwa maneno, nikibadilisha "umeshindwa" kuwa "hatujapokea" nimegusa maana, mwenye kosa alikuwa wewe sasa mwenye sentensi ni sisi. Lakini kwa kazi ambayo sentensi ya Kiingereza ilikuwa inafanya, yaani kusema kwa ubaridi kwamba tarehe imepita na hela haijaingia, "hatujapokea" ndiyo inayoifanya kazi hiyohiyo. Ile ya neno kwa neno ndiyo iliyobadilisha maana, kwa kuongeza tusi ambalo halikuwepo.

Jambo kama hilo lipo pale mwisho, "ipuuzeni barua hii". Kiingereza kinamaanisha kama umeshalipa basi barua haikuhusu. Kupuuza kwetu ni kudharau, na hakuna ofisi inayomwomba mteja adharau barua yake. Isitoshe sentensi yenyewe imepoteza nafasi nzuri: mtu anayesema kalipa ndiye unayemhitaji akuletee nakala ya hati ya malipo, ili ujue hela imepotelea wapi.

Wewe au ninyi

Hili fupi. Kiingereza kina neno moja tu kwa mtu mmoja na kwa watu wengi, kwa hiyo mtafsiri anayefuata maneno hana kinachomkumbusha kuchagua. Ndiyo maana barua inaanza na "umeshindwa" inaishia "mmekwisha lipa" na "kwenu".

Ukiona u- na m- zimechanganyika kwenye barua moja, ujue imetafsiriwa. Na siyo urembo tu. Kama mdaiwa ni kampuni, ukimwandikia mkurugenzi "unadaiwa" inasomeka kama deni ni la mfukoni kwake, hapo unaandika "kampuni yenu inadaiwa" na unashika m- mpaka mwisho. Kama duka ni la mtu mmoja, kwa jina lake, unashika u-. Huyu wetu alikuwa mmoja, tukashika u-.

Mnaonya au mmeamua?

Kwenye ile sehemu ya riba na kusimamishiwa, nilikwama kwa sababu nyingine kabisa.

"Akaunti yako inaweza kuwekwa juu ya kushikiliwa." Kushikiliwa lilikuwa rahisi, walimaanisha hawatamuuzia tena kwa mkopo mpaka deni liishe, na inabidi useme hivyo hivyo, kwa sababu "akaunti imeshikiliwa" mtu anaweza kudhani mmezuia hela yake ya benki. Shida ilikuwa ni "inaweza".

Kiingereza kina neno moja dogo ambalo kwenye barua kama hii linaweza kuwa "huenda tukafanya" au "tuna haki ya kufanya", na waandishi wa barua wanalipenda kwa sababu halichagui. Kiswahili kinakulazimisha kuchagua. "Inaweza kuwekwa" inasikika kama mvua inaweza kunyesha, haina mtu nyuma yake. Ukitaka mtu awepo, unayo "tutasimamisha", hiyo ni ahadi. Unayo "huenda tukasimamisha", hiyo ni onyo lenye nafasi ya kurudi nyuma. Unayo "tutakuwa na haki ya kusimamisha", hiyo ni ya mkataba, uamuzi baadaye. Tatu tofauti, na mteja ataishi tofauti kulingana na aliyosoma.

Hiyo siwezi kuiamua mimi. Siyo suala la Kiswahili tena.

Nikaenda kwa bosi nikamuuliza, siku hizo 14 zikiisha, mnasimamisha au hamsimamishi? Akanyamaza. Akasema, inategemea. Nikamuuliza na riba je? Akasema hiyo inaanza moja kwa moja, iko kwenye kifungu cha 7 cha mkataba. Nikamwambia basi haya ni mambo mawili tofauti na barua yenu imeyafunga kwenye sentensi moja kana kwamba yana uhakika sawa, Kiingereza kimeyaficha, Kiswahili hakiwezi kuyaficha.

Akaichukua ile ya Kiingereza akaisoma upya, kwa mara ya kwanza naona aliisoma kama mteja. Akasema: "Riba tutatoza. Mkopo, tutasimamisha. Andika hivyo."

Na kile kichwa cha sentensi, "kushindwa kufanya hivyo kutapelekea", kikatoka chenyewe. Kiingereza cha ofisi kinapenda kugeuza kitendo kuwa jina halafu jina ndilo linalofanya kazi. Kiswahili kina -sipo- ya kazi hiyo hiyo: usipolipa. Neno moja, lina mtu ndani, lina sharti ndani, na linasubiri sentensi ya pili iseme kitakachofuata.

Bila ubaguzi

Nilipofika hapa nilitaka kucheka lakini jambo lenyewe ni zito. "Barua hii ni bila ubaguzi kwa haki zetu." Neno la Kiingereza hapo kweli kwa mazungumzo ya kawaida ni chuki au ubaguzi. Kisheria ni kitu kingine: kuathiri, kupunguza, kuharibu haki. Kwa hiyo sentensi ni "bila kuathiri haki zetu nyingine", kwamba kutoza riba hakumaanishi wamejinyima njia nyingine walizopewa na mkataba.

Sasa kuna mtego wa pili na huu ndio unaowapata hata watu wanaojua tafsiri sahihi. Maneno hayohayo ya Kiingereza yakiwekwa peke yake juu ya barua, kama kichwa, yana kazi tofauti kabisa: yanasema haya ni mazungumzo ya kutafuta suluhu, na yaliyomo yasije kutumika mahakamani kama ushahidi wa kukiri. Hiyo huiweki kwenye barua ya kudai, kwa sababu barua ya kudai unataka kesho uweze kuionyesha kwamba ulidai, lini na kiasi gani. Kwa hiyo mtafsiri akiona maneno hayo aangalie kwanza yamekaa wapi, juu peke yake au ndani ya sentensi. Ya kwetu yalikuwa ndani. Kama yangekuwa juu ningeyarudisha kwa mwanasheria kabla ya kuandika chochote.

Ni lipi liachwe?

Hapa nina shaka na bado ninayo.

Ukianza kuwinda Kiingereza kwenye barua ya Kiswahili huna pa kuishia. "Natumaini barua hii inakukuta vizuri" nimeifuta bila kusita, maana barua haimkuti mtu, na kumtakia mtu heri halafu mstari unaofuata unamdai ni kama kumpiga kofi baada ya kumshika mkono. "Tunaangalia mbele kusikia kutoka kwenu" nayo nimefuta. "Mpendwa Mteja wa Thamani" imekuwa Ndugu Mteja.

Lakini "tunatanguliza shukrani"? "Usisite kuwasiliana nasi"? Hata ile "husika na kichwa cha habari hapo juu" ambayo karibu kila barua ya ofisi imeanza nayo, ukiitazama vizuri inanuka Kiingereza cha maofisa wa zamani, sentensi haina hata kitendo kinachoeleweka, nani ahusike na nini? Mwenzangu mmoja anaifuta kila akiiona. Mimi sikubaliani naye moja kwa moja. Msomaji akikutana na "husika na kichwa cha habari" hasimami, anaruka nayo mpaka kwenye habari, imeshakuwa kama salamu. Akikutana na "tafadhali ushauriwe kwamba" anasimama, anauliza nishauriwe nini.

Kwa hiyo kipimo changu kimekuwa hicho, msomaji anasimama au anapita? Sijali neno limezaliwa wapi. Kwenye hii barua sikuiweka "husika" kwa sababu nyingine tu, kwamba kichwa chenyewe cha YAH kilikuwa kinatosha na nilitaka mstari wa kwanza useme jambo. Anayeandika MINT badala ya YAH naye aendelee, hiyo ni desturi ya ofisi yake.

Kuijaribu

Kabla ya kuipeleka kwa bosi nilimtafuta mzee wa stoo, mtu anayeongea na wateja kila siku na hajawahi kuona ile ya Kiingereza. Hilo la pili ni muhimu sana. Aliyeiona ya Kiingereza hawezi kuipima ya Kiswahili, kichwa chake kinajaza mapengo bila yeye kujua.

Nikamwomba, "Mzee, naomba uisome mara moja halafu unirudishie karatasi." Kisha nikamuuliza: nani anadaiwa, shilingapi, mwisho lini, akichelewa inakuwaje, na kama kalipa tayari afanye nini.

Kwa ile ya zamani alijibu kiasi cha deni tu, na alikisoma kwenye tarakimu. Mengine alisema, "Mwanangu, hapa naona wanataka kumpeleka mahakamani." Kwa mpya alijibu yote, isipokuwa tarehe. Nilikuwa nimeandika "ndani ya siku 14 tangu siku utakayopokea barua hii", Kiswahili kizuri tu, naye akaniuliza: "Sasa nyie mtajuaje kapokea lini?"

Barua ikienda kwa mkono na mtu akasaini kwenye kitabu cha dispachi, unajua. Ikienda kwa njia nyingine, hujui, na siku 14 zenu na siku 14 zake zinaweza kupishana kwa wiki. Tafsiri haikuwa na kosa hapo, kosa lilikuwa kwenye Kiingereza chenyewe. Nikaweka tarehe kamili.

Ilivyotoka

*Ndugu Mteja,*

*YAH: MALIPO YA ANKARA YA BIDHAA ULIZOCHUKUA MWEZI JULAI*

*Tunakushukuru kwa kuendelea kununua bidhaa kwetu.*

*Mpaka leo hatujapokea malipo ya ankara hiyo, jumla 1,250,000 (milioni moja, laki mbili na elfu hamsini), yaliyotakiwa kulipwa ifikapo tarehe 31 Agosti. Tulikukumbusha pia kwa simu na kwa meseji.*

*Tunaomba ulipe deni lote kabla ya saa 11 jioni (17:00), tarehe 30 Septemba.*

*Usipolipa ndani ya muda huo, tutatoza riba ya asilimia 2 kwa mwezi kama kifungu cha 7 cha mkataba wetu kinavyosema, na tutasimamisha kukuuzia kwa mkopo mpaka deni litakapoisha. Hatua hizi haziathiri haki nyingine tulizonazo kwenye mkataba.*

*Kama umeshalipa, tunaomba ututumie nakala ya hati ya malipo ili tusahihishe kumbukumbu zetu. Kama kuna jambo kuhusu mzigo au ankara ambalo hatukubaliani, tupigie kabla ya tarehe hiyo tuzungumze.*

Sentensi ya mwisho haikuwepo kwenye Kiingereza, na niliiwekea alama bosi aione. Dada wa uhasibu ndiye aliyeniambia kwamba kwenye simu huwa anaisema kila mara, na kwamba wengi wanaochelewa wana lalamiko ambalo hawajalisema.

Bosi aliilinganisha na ya Kiingereza mstari kwa mstari, kalamu mkononi. Aliuliza kuhusu "hatujapokea", nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, akanyamaza akaendelea. Aliuliza kuhusu tarehe, nikamwambia alichosema mzee wa stoo. Kwenye sentensi ya mwisho alisema iachwe.

Halafu akakumbuka kuna mstari chini kabisa kwenye fomu zao, kwamba lugha mbili zikitofautiana ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Nikamwuliza, mteja ambaye hakupewa ya Kiingereza ataifuataje? Kama Kiswahili kinasema tarehe 30 na Kiingereza kinasema siku 14 tangu kupokea, mstari huo unamnyang'anya kitu alichokisoma kwa kitu ambacho hajawahi kukiona.

Tulikubaliana ziseme kitu kimoja. Ya Kiingereza ikafunguliwa, siku 14 zikatolewa ikawekwa tarehe, yale mambo mawili yakatenganishwa yakapewa uhakika wake, na kile cha kushindwa kikafutwa hata kule, kikaandikwa kwamba malipo hayajafika. Mstari wa lugha bado wanaujadili na mwanasheria.

Sasa hivi barua nyingine za madai zinaandikwa kwanza na dada wa uhasibu kwa Kiswahili, halafu ndiyo Kiingereza kinafuata.